Tahadhari imetumwa, watu hawakuamka: kutafuta hitilafu kwenye kundi la dharura la WhatsApp

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa makundi ya tahadhari, yale ambayo majirani huyaanzisha baada ya moto, mafuriko au wizi, yakaenda vizuri miezi miwili mitatu, na siku ya siku yakashindwa kazi. Malalamiko ni yaleyale kila mahali, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili imetangulia sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na kipimo chepesi kimewekwa kabla ya matengenezo makubwa. Mifano ni ya WhatsApp.

Kama hatari ipo sasa hivi, acha kusoma. Piga simu kwanza kwa namba ya dharura ya eneo lenu, ndipo uandike kwenye kundi. Kundi huamsha majirani, lakini halizimi moto wala halileti gari la wagonjwa.

Kipimo cha kuanzia: tahadhari ya mazoezi

Usianze kubadilisha sheria kabla hujajua hitilafu iko wapi. Siku ya kawaida, mchana, tuma ujumbe huu: "MAZOEZI. Hakuna hatari. Ukiuona, weka alama ya dole gumba. Usiandike chochote." Ngoja nusu saa. Kisha bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua taarifa za ujumbe, na utaona orodha mbili: waliousoma, na ambao umewafikia tu. Orodha hiyo huonekana kwa mtumaji peke yake, na kwenye makundi haidanganyi hata kwa waliozima tiki za buluu, maana kuzima huko hufanya kazi kwenye mazungumzo ya watu wawili tu.

Hapo utapata mafungu matatu. Wasio kwenye orodha yoyote, simu zao zilikuwa zimezimwa au hazina data: nenda Dalili ya 3. Waliofikiwa bila kusoma wamelinyamazisha kundi au simu iko mbali nao: Dalili ya 2. Waliosoma bila kuweka alama hawajui sheria, au wanaijua na hawaijali: Dalili ya 4. Na kama mazoezi yanakwenda vizuri lakini siku ya tukio mambo yanaharibika, tatizo lenu ni la kwanza hapa chini. Ndilo la wengi.

Dalili ya 1: Tahadhari ilitumwa mapema, lakini watu wanasema hawakuiona

Makundi mengi hukimbilia kupiga marufuku vichekesho, matangazo ya biashara na video za kisiasa. Ni sawa, lakini usiku wa tukio hakuna anayetuma vichekesho. Kinachoizika tahadhari usiku huo ni majibu ya tahadhari yenyewe: maswali, pole, dua, na shukrani kwa taarifa. Watu wema wakiandika maneno mema ndio wanaoifunika.

Tuchukue mfano. Ni makazi ya nyumba 85 kando ya mto, na kundi ni moja kwa mambo yote. Saa tisa usiku na dakika kumi na mbili, mtu wa nyumba ya juu anaandika: "Jamani maji yanakuja!!!" Ndani ya dakika mbili yamefuata "Wapi??", "Mungu wangu", "Huku kwetu kukavu", "Nani kasema?" na ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu ambao nusu yake ni upepo. Dakika saba baadaye mtu yuleyule anaongeza lililo la maana: "Yamepita daraja la miguu, wa upande wa chini tokeni mpande barabarani." Mara hiyohiyo wanaingia walioamka kwa mlio, kila mmoja na swali lake lilelile, na wa mbali wanaleta pole.

Saa tisa na nusu anaamka baba wa nyumba ya chini kabisa. Arifa kwenye kioo inamwonyesha ujumbe wa mwisho: "Poleni sana majirani." Anafikiri kuna msiba. Akifungua kundi, simu inampeleka kwenye ujumbe wa kwanza ambao hajausoma, nao ni wa jana jioni, ubishi wa mpira. Kwa hiyo juu kuna mpira, chini kuna pole, na sentensi aliyoihitaji iko katikati, chini ya jumbe hamsini. Haendi kuitafuta. Anaweka simu chini.

Sababu, kwa kufuata wingi wake:

*Majibu yameruhusiwa.* Hii peke yake inatosha kuvunja kundi lolote. Tiba ya papo hapo, tukio likiwa linaendelea, ni msimamizi kufungua mipangilio ya kundi na kuruhusu wasimamizi peke yao kutuma ujumbe. Ni kazi ya sekunde chache na inaweza kurudishwa asubuhi. Kisha aiandike tahadhari upya, kamili, na kuibandika juu ya mazungumzo kwa saa 24. WhatsApp hutoa muda wa saa 24, siku 7 au siku 30. Chagua mfupi kabisa, kwa sababu tahadhari iliyobandikwa wiki nzima huwa sehemu ya mapambo.

*Kundi moja linafanya kazi mbili.* Tiba ya kudumu ni makundi mawili. La kwanza ni Tahadhari, ambalo wasimamizi tu ndio wanaoandika. La pili ni Maongezi, na humo kila mtu yuko huru: maswali, pole, picha za maji, lawama kwa viongozi. Kiungo cha Maongezi kiwekwe kwenye maelezo ya kundi la Tahadhari ili mwenye swali ajue pa kwenda. Kwenye kundi la wasimamizi tu, wanachama bado wanaweza kuweka alama juu ya ujumbe, na alama haisukumi ujumbe kwenda juu. Ndiyo maana kuthibitisha kwa dole gumba ni bora mara mia kuliko kuandika "nimeona".

*Kila kitu kinaitwa dharura.* Kama kundi la Tahadhari linalia mara tatu kwa siku, watu watalinyamazisha, na hawatakosea. Anayetaka kutuma ajiulize maswali matatu. Je, mtu anaweza kuumia au kupoteza mali? Je, ni leo? Je, kuna kitu ambacho msomaji anaweza kufanya akishajua? Jibu la "hapana" kwa lolote kati ya hayo linapeleka habari Maongezi. Maji ya bomba kukatika kesho ni Maongezi. Mbwa mkali aliyefunguka sasa hivi ni Tahadhari. Gumu ni taarifa za msiba, kwa kuwa familia huona kama imedharauliwa. Mimi sizikubali kwenye Tahadhari hata kidogo, na nawaeleza watu hivyo kabla msiba haujatokea, maana siku yenyewe hakuna mwenye moyo wa kubishana.

Sheria zikizidi mistari minne hazisomwi. Hizi zinatosha:

Hapa ni hatari ya leo tu.
Ukiona tahadhari, weka dole gumba, usijibu.
Swali peleka Maongezi.
Ukiona hatari, usiandike: mpigie mtu wa zamu (namba ziko kwenye maelezo ya kundi).

Ukishalifunga kundi namna hii, tegemea hitilafu mpya itakayozaliwa na tiba yenyewe: aliyeona moto hana ruhusa ya kuandika, na wasimamizi wote wamelala. Ndiyo sababu ya mstari wa nne. Wekeni watu wa zamu wawili kwa kila upande wa makazi, mmoja akiwa mtu anayekesha kwa kazi yake au kwa umri wake. Wazee wanaolala kidogo ni hazina hapa. Mwanachama huwapigia simu ya sauti, nao huandika. Angalizo moja: WhatsApp haina cheo cha "anayeruhusiwa kuandika tu". Ukimpa mtu ruhusa hiyo kwa kumfanya msimamizi, umempa pia uwezo wa kuwaondoa watu. Kwa hiyo chagua watu watulivu, si wenye sauti kubwa, na wasimamizi wasiwe chini ya wawili. Msimamizi wa pekee akipoteza simu, hakuna wa kufungua wala kufunga.

Dalili ya 2: Ujumbe umefika kwenye simu, lakini haukusomwa kwa wakati

Kwenye taarifa za ujumbe majina haya yako upande wa waliofikiwa. Data ipo na simu inawaka, ila haikumwamsha mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni kunyamazisha. Mtu alikereka siku moja, akachagua saa 8, wiki moja au daima, kisha akasahau. Mwombe afungue kundi na aangalie kama kuna alama ya spika iliyokatwa. Sababu ya pili, ambayo haijulikani sana, ni kundi kuwekwa kwenye akiba ya mazungumzo ya zamani. Kundi lililoko huko hubaki huko hata likipokea ujumbe mpya, na halitoi arifa isipokuwa mtu huyo ametajwa kwa jina au amejibiwa ujumbe wake. Wengi waliosafisha orodha yao ya mazungumzo wameitupa Tahadhari humo bila kukusudia.

Ukishalirudisha kundi mahali pake, mpe mlio wake. Fungua jina la kundi, nenda kwenye mipangilio ya arifa, chagua mlio ambao hakuna kundi lingine linautumia. Ni dakika mbili kwa kila simu. Fanyeni siku mnayokutana ana kwa ana, vijana wakiwasaidia wazee, kwa sababu maelekezo ya kazi hii yaliyotumwa kwa maandishi hayafanywi na mtu.

Sababu ya tatu ni simu kuwekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa usiku. Hapa mlio wa kundi hautasaidia kitu, na wala si haki kuwataka watu wote walale na simu inayolia kwa kila jambo. Kinachosaidia ni simu ya sauti iliyopigwa mara mbili mfululizo. Simu nyingi zina mpangilio unaoruhusu mtu akipiga mara ya pili apite: iPhone huhesabu dakika tatu, Android huhesabu dakika kumi na tano. Hakikisheni umewashwa, kisha mkubaliane kwamba simu mbili za haraka kutoka kwa jirani usiku maana yake ni amka.

Hapo ndipo mnyororo wa simu unapoingia, na kundi lisilo nao mimi sihesabu kama la dharura. Tukirudi kwenye nyumba zetu 85: wa kwanza anapiga simu nne. Kila mmoja wa hao wanne anapiga nne, wanakuwa kumi na sita. Hao nao wanapiga nne kila mmoja, wanakuwa sitini na wanne. Jumla ni 1 na 4 na 16 na 64, yaani nyumba zote 85, kwa mizunguko mitatu, na hakuna aliyepiga zaidi ya simu nne. Maneno yawe mafupi na yaleyale: "Mama, amka. Maji yamepita daraja la miguu. Pandeni barabarani sasa. Wapigie wanne wako."

Mnyororo hukatikia mahali pawili. Mtu asipopokea mara mbili, aliyempiga hasubiri. Anachukua wanne wa mtu huyo na kuwapigia yeye. Kwa hiyo kila mmoja awe na karatasi yenye wanne wake na wanne wa hao wanne, iliyobandikwa nyuma ya mlango, si ndani ya simu ambayo inaweza kuzima chaji. Pili, hakuna anayejua kama mnyororo umefika mwisho. Waambieni wa mizunguko ya mwisho, walau mmoja wa kila tawi, wampigie yule wa kwanza. Tawi lisilorudisha simu ndani ya muda mliokubaliana linafuatwa kwa miguu, kama njia ni salama.

Simama hapa: kama njia si salama, hakuna anayekwenda. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Toeni taarifa kwa kikosi cha uokoaji kwamba nyumba fulani haijajibu, mtaje zilipo na idadi ya watu. Taarifa hiyo ina thamani kubwa kwao kuliko mtu mmoja zaidi wa kuokolewa.

Dalili ya 3: Tiki moja tu, ujumbe haukufika kabisa

Mara nyingi data imezimwa au imekwisha, na hilo halina dawa ndani ya WhatsApp. Watu hao waandikwe kwenye orodha ya pembeni na wafikiwe kwa simu ya sauti au ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, ila ukiweka emoji hata moja kipimo kinashuka hadi 70 na ujumbe unakatwa vipande. Kwa hiyo usiweke.

Kama mtu ana data na bado jumbe zinamfikia zote kwa mkupuo anapofungua WhatsApp, simu yake inaizima programu ili kulinda betri. Hii ni kwa Android hasa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chagua WhatsApp, iondolee vizuizi vya betri na uiruhusu kutumia data ikiwa nyuma ya pazia. Baadhi ya simu zina kisafishaji chake pembeni ambacho hurudisha kizuizi kila baada ya masasisho, kwa hiyo pima tena.

Wasimamizi wengine hutumia orodha ya matangazo badala ya kundi, kisha wanashangaa nusu ya watu hawapati. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256 tu na humfikia yule aliyehifadhi namba yako peke yake. Kwa tahadhari, rudini kwenye kundi.

Dalili ya 4: Wamesoma, lakini hakuna aliyefanya kitu

Laumu ujumbe kabla ya kulaumu watu. Karibu kila mara nikiusoma upya nakuta hausemi wapi, au hausemi cha kufanya. "Jamani kuna moto" humfanya msomaji atoke nje kuangalia angani, na asipoona moshi anarudi kulala.

Kioo kilichofungwa huonyesha maneno machache ya mwanzo. Anayeanza na "Habari za usiku majirani wapendwa, samahani kwa usumbufu" ameyatumia yote kwa adabu. Kwenye Tahadhari salamu zisubiri. Anza na hatari na mahali:

TAHADHARI: MAJI. Upande wa chini wa daraja la miguu.
Lini: leo tarehe 14, saa 9:12 usiku.
Aliyeona: mtu wa zamu wa juu, kwa macho yake.
Fanya sasa: tokeni, pandeni barabara kuu. Msivuke daraja.
Taarifa ijayo: saa 9:40 usiku.

Mstari wa saa unahitaji neno la usiku, alfajiri, mchana au jioni kila mara, kwa kuwa simu itaandika 03:12 na wewe unasema saa tisa, na kuna atakayedhani ni saa tisa alasiri. Mstari wa aliyeona ndio unaotenganisha tukio na uvumi. Kama ni kusikia, andika "nimeambiwa, bado sijathibitisha". Mstari wa mwisho hupunguza maswali kuliko sheria yoyote. Mtu akijua habari inakuja saa tisa na dakika arobaini, atasubiri. Lakini muda huo ukifika lazima uandike hata kama hakuna jipya: "Maji yako palepale. Taarifa ijayo saa 10:10 alfajiri."

Usirekebishe tahadhari kwa kuihariri. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini ujumbe uliohaririwa hautoi mlio mpya, na aliyekwisha kuusoma hatarudi. Mahali pakibadilika, tuma ujumbe mpya unaoanza na neno MABADILIKO.

Sauti au maandishi? Maandishi yatangulie siku zote, maana yanasomwa kwa jicho moja na yanaweza kunakiliwa. Kisha msimamizi asome maneno yaleyale kwa sauti ndani ya sekunde ishirini kwa ajili ya wasiosoma au wasioona vizuri, na asiongeze hadithi.

Dalili ya 5: Tahadhari ya zamani au ya uongo inarudi

Mtoto alipotea, akapatikana siku hiyohiyo, na mwezi wa nne sasa picha yake bado inazunguka na namba ya mama yake inapigiwa simu usiku. Sababu kubwa ni kwamba ujumbe ukisambazwa hupoteza saa yake ya asili. Unabeba saa ya aliyeusambaza. Tahadhari isiyo na tarehe ndani ya maandishi yake haizeeki. Pili, hakuna aliyeifunga. Kila tahadhari iishe kwa ujumbe mpya: "MWISHO: mtoto amepatikana leo tarehe 14 saa 11 jioni. Futeni picha." Kuifuta ya kwanza hakutoshi, kwa sababu nakala zilizokwisha kusambazwa nje ya kundi hazifutiki.

Kwa ya uongo, angalia mishale. Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikono mingi kabla ya kufika kwako, na tangu Aprili 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe wa namna hiyo kusambazwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Sheria yangu ni ngumu kidogo: hakuna kilichosambazwa kinachoingia Tahadhari, hata kiwe cha kweli. Msimamizi atafute chanzo, ampigie mtu anayeishi mahali palipotajwa, ndipo aandike kwa maneno yake kwa mpangilio ule wa juu. Tangazo la mamlaka ya hali ya hewa lisomwe kwenye ukurasa wa mamlaka yenyewe, si kwenye picha iliyopigwa kutoka kwenye simu ya mtu.

Simama hapa, na usimame kweli: picha, jina au namba ya gari la mtu "anayeshukiwa" haliingii kwenye kundi lolote kati ya haya mawili. Watu wamepigwa na kuuawa kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa kwa WhatsApp kuhusu watekaji wa watoto ambao hawakuwa watekaji. Mwaka 2018 mauaji ya namna hiyo nchini India yalichangia WhatsApp kuweka kikomo cha kusambaza. Peleka maelezo polisi. Kwa majirani inatosha kuandika "wizi umetokea nyumba za upande wa juu, fungeni milango, polisi wameitwa". Kama mwanachama ameshaweka picha, msimamizi ana uwezo wa kuufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Ahifadhi nakala kwa ajili ya polisi, aufute papo hapo, mabishano yafuate baadaye.

Vivyo hivyo kwa waya wa umeme ulioanguka. Tahadhari iseme watu wakae mbali angalau mita 10, ielekeze simu kwa shirika la umeme, na isiombe "fundi yeyote aliye karibu". Na kwa majeruhi, kundi lisitumike kukusanya ushauri wa dawa. Mpigie mhudumu wa afya na ufuate atakachokuambia kwa simu.

Dalili ya 6: Msimamizi anatuma vitu visivyo vyake

Ghafla msimamizi mwaminifu anaomba michango ya haraka, au anatoa tahadhari yenye kiungo cha kubonyeza. Mpigie simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Akisema hajaandika, akaunti imetekwa, mara nyingi kwa sababu alimpa mtu ile namba ya siri ya tarakimu sita iliyomjia kwa ujumbe mfupi.

Msimamizi mwingine amwondolee usimamizi mara moja na amtoe kwenye kundi, kisha atangaze kwamba jumbe za kuanzia saa fulani si zake na viungo visibonyezwe. Mwenye namba aisajili upya WhatsApp kwenye simu yake kwa namba yake. Akiingiza tarakimu sita mpya, mtekaji hutolewa nje. Mtekaji akiwa ameweka namba ya siri ya hatua mbili, mwenyewe huenda akasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila namba hiyo, lakini mtekaji ameshatoka. Kama kuna aliyekwisha kutuma fedha, awasiliane na mtoa huduma wa fedha papo hapo na atoe taarifa polisi, asijaribu kumfuata mtekaji kwa mazungumzo. Kabla ya kumrudishia usimamizi, hakikisha amewasha uthibitishaji wa hatua mbili, nawe na wasimamizi wengine muwashe siku hiyohiyo.